Ankara yenye VAT iliyokosewa, usiibadilishe kimyakimya

Jamani mnaosaplai maofisini hapa Dodoma, ukikuta umepiga VAT asilimia 16 badala ya 18, usifungue lile faili ukabadilisha kiasi na kutuma tena kwa namba ileile ya ankara, mhasibu wa mteja atabaki na karatasi mbili zenye namba 047, moja 1,160,000 nyingine 1,180,000, na hajui alipe ipi. Kama risiti ya EFD bado hujatoa, toa mpya namba 048, juu kabisa andika “Inafuta na kuchukua nafasi ya ankara 047, kiwango cha VAT kilikosewa”. Ile 047 igonge IMEFUTWA, zitume pamoja, halafu mpigie mhasibu uhakikishe 047 ameitoa kwenye malipo, maana wengine hulipa iliyotangulia kufika.