Je, wamepanda kweli? Kupima alama za kabla na baada kwa jaribio la t la jozi

Mwalimu amewapima watoto kumi wa darasa la tatu. Kila mmoja amesoma kifungu kwa sauti kwa dakika moja, na mwalimu akahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa. Baada ya wiki sita za masomo ya ziada amewapima tena. Mwanzoni wastani ulikuwa maneno 26, sasa ni 30. Je, masomo yameleta kitu, au ni kupanda na kushuka kwa kawaida?

Swali hilo ni la haki, kwa sababu mtoto yuleyule ukimpima Jumatatu na Jumanne hatakupa namba moja. Siku moja ana kikohozi, siku nyingine amekwama kwenye neno moja refu na sekunde tano zimepotea. Kwa hiyo maneno manne ya nyongeza yanaweza kuwa mengi au kidogo, kutegemea watoto hawa wanayumba kiasi gani. Namba ninazotumia hapa nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ili uweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Panga jozi, kisha toa

| Mtoto | Kabla | Baada | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | 18 | 23 | 5 |
| 2 | 32 | 34 | 2 |
| 3 | 25 | 34 | 9 |
| 4 | 41 | 39 | −2 |
| 5 | 12 | 18 | 6 |
| 6 | 29 | 33 | 4 |
| 7 | 36 | 36 | 0 |
| 8 | 22 | 30 | 8 |
| 9 | 15 | 22 | 7 |
| 10 | 30 | 31 | 1 |

Toa kabla kutoka baada kwa kila mtoto, na usibadilishe mwelekeo katikati ya safari. Ukishapata safu ya tofauti, zile safu mbili za mwanzo zimemaliza kazi yake. Kuanzia hapa unashughulika na namba kumi tu: 5, 2, 9, −2, 6, 4, 0, 8, 7, 1. Jumla yake ni 40, wastani ni 4.

Hapo ndipo nguvu ya jaribio hili ilipo. Watoto hawa wametofautiana sana tangu mwanzo, mmoja anasoma maneno 12 na mwingine 41. Tofauti hiyo kati ya mtoto na mtoto haituhusu, maana tunauliza kila mmoja amesogea kiasi gani kutoka pale alipokuwa. Ukitoa, imeondoka yenyewe.

Hatua ya 2: Elewa "bahati" ni nini hapa

Kabla ya kugusa fomula, fanya zoezi hili la shilingi. Nimeona watu wengi wakikariri fomula ya t kwa miaka bila kulipitia, nao wakiulizwa thamani ya p maana yake nini wanakwama.

Tuseme masomo ya ziada hayakusaidia wala hayakudhuru. Basi mtoto wa kwanza, aliyetoka 18 hadi 23, angeweza vilevile kupata 23 siku ya kwanza na 18 siku ya pili. Tofauti yake ingekuwa −5 badala ya 5. Ni kama kila mtoto amerushiwa shilingi: ikilala upande mmoja tofauti yake ni chanya, ikilala upande wa pili ni hasi. Mtoto wa saba ana sifuri, kwake shilingi haibadilishi kitu. Wanabaki tisa, na shilingi tisa zinaweza kulala kwa namna 512.

Sasa uliza: katika namna hizo 512, ni ngapi zinazotoa jumla ya 40 au zaidi? Tofauti zote zikiwa chanya, jumla ni 44. Ukigeuza ile 1 kuwa hasi, jumla inashuka hadi 42. Ukigeuza 2 mojawapo (zipo mbili, ya mtoto wa pili na ya mtoto wa nne), inakuwa 40. Ukigeuza nyingine yoyote, au mbili kwa pamoja, unashuka chini ya 40. Kwa hiyo ni namna nne tu. Na kwa kuwa masomo yangeweza pia kuwashusha watoto, tunahesabu na upande wa hasi: nne nyingine. Jumla ni nane kati ya 512, yaani kama 1.6 katika kila 100.

Bahati peke yake ingeweza kuleta matokeo makubwa namna hii, lakini mara chache sana. Hiyo ndiyo thamani ya p, umeihesabu kwa vidole.

Hatua ya 3: Hesabu t

Jaribio la t linajibu swali lilelile kwa njia fupi, hasa watoto wanapokuwa wengi mno kuhesabu namna zote za shilingi. Linalinganisha vitu viwili: wastani wa tofauti, na kiasi ambacho wastani huo ungeyumba kwa bahati tu.

Anza na mtawanyiko. Kutoka kila tofauti toa wastani, yaani 4. Unapata 1, −2, 5, −6, 2, 0, −4, 4, 3, −3. Zipandishe kipeo cha pili na ujumlishe: 120. Gawanya kwa 9, yaani idadi ya jozi ukitoa moja, upate 13.33. Kipeuo cha pili chake ni 3.65, nao ndio mchepuko sanifu wa tofauti. Kwa lugha ya kawaida, tofauti ya mtoto mmoja huwa mbali na wastani kwa maneno matatu hadi manne hivi.

Lakini wastani wa watoto kumi hauyumbi kama mtoto mmoja, kwa hiyo gawanya mchepuko huo kwa kipeuo cha pili cha 10. Unapata 1.155, ambalo huitwa kosa sanifu. Kisha:

```
t = 4 / 1.155 = 3.46
```

Maana yake, wastani wetu uko mbali na sifuri kwa karibu mara tatu na nusu ya myumbo wake wa kawaida. Kwenye jedwali la t tazama mstari wa digrii huria 9 (jozi kumi toa moja), kiwango cha 0.05 kwa pande mbili: ni 2.262. Yetu imepita, yaani bahati peke yake ingeleta t kubwa namna hii chini ya mara 5 katika kila 100. Thamani ya p hapa ni 0.007, ndogo kuliko ile ya shilingi, kwa sababu t inachukulia kwamba tofauti zimetawanyika kwa umbo la kengele, na dhana hiyo inaipa nguvu zaidi.

Jedwali hilo linatokana na kazi ya William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Mwaka 1908 alichapisha makala kwa jina la kujificha lenye maana ya "Mwanafunzi", na mfano wake mmoja ulikuwa wagonjwa kumi waliopimwa saa za usingizi kwa dawa mbili. Jozi kumi, kama zetu.

Nenda hatua moja zaidi, maana mwalimu anataka kujua wamepanda *kiasi gani*. Zidisha 2.262 kwa 1.155, upate 2.6. Ongeza na toa kwenye wastani wa 4: ongezeko linalopatana na data hizi liko kati ya maneno 1.4 na 6.6. Mimi huiandika sentensi hii kwenye ripoti kabla ya thamani ya p.

Hatua ya 4: Hakikisha kwa kompyuta

Kwenye Excel, kabla ikiwa safu B na baada safu C:

```
=T.TEST(B2:B11, C2:C11, 2, 1)
```

Jibu litakalotokea ni thamani ya p. Hiyo 2 ni pande mbili, na 1 ya mwisho ndiyo inayosema "jozi". Kwenye programu ya R, ukishaziingiza safu hizo mbili kwa majina kabla na baada:

```
t.test(baada, kabla, paired = TRUE)
```

Ukisahau hiyo 1 ukaweka 3, au usipoandika `paired = TRUE`, kompyuta itadhani ni makundi mawili ya watoto wasiohusiana. Kwa data hizihizi t inaanguka kutoka 3.46 hadi 1.10, na p inapanda hadi karibu 0.29. Ungemwambia mwalimu kwamba hakuna kilichoonekana, wakati ushahidi upo mezani.

Mambo mawili yanayoharibu kazi

La kwanza limewahi kunipata. Nilipanga safu ya "baada" kutoka ndogo hadi kubwa, na safu ya "kabla" ikabaki ilivyo. Jozi zote zikavurugika. Kinachotisha ni kwamba wastani wa tofauti haukubadilika hata kidogo, kwa hiyo kwa kutazama wastani huwezi kujua. Dawa ni kuwa na safu ya namba ya mtoto, kisha kuchagua watoto watatu na kurudi kwenye karatasi zao za mtihani kuona kama tofauti zinalingana.

La pili ni namba moja iliyokosewa. Mtoto wa tatu alipata 34. Tuseme aliyeingiza data kaandika 64. Tofauti yake inakuwa 39 na wastani wa darasa unapanda hadi 7. Ungedhani t itapanda pia, kumbe inashuka hadi 1.89, chini ya 2.262, kwa sababu mtawanyiko umevimba kuliko wastani. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, chora mstari na uweke nukta moja kwa kila tofauti. Nukta iliyokaa peke yake mbali ikupeleke kwenye karatasi ya mtoto huyo. Kama namba ni ya kweli usiifute. Andika matokeo ya shilingi, au ya jaribio la Wilcoxon la jozi linalotumia nafasi za tofauti kutoka ndogo hadi kubwa, pamoja na ya t.

t haijui sababu

Tazama tena jedwali. Waliopanda zaidi ni wa 12, 15, 18, 22 na 25. Aliyekuwa na 41 ameshuka, wa 36 amebaki palepale. Inaweza kuwa masomo yamewafaa hasa waliokuwa nyuma, jambo ambalo lingekuwa la kufurahisha. Lakini sura hiyohiyo hutokea hata bila somo lolote: aliyepata namba ya chini sana siku ya kwanza, sehemu ya uchini huo ilikuwa siku mbaya, na siku ya pili atarudi juu kidogo. Ukichagua watoto *kwa sababu* walipata alama za chini, wastani wao utapanda hata ukiwaacha uwanjani wiki sita. Ongeza kwamba wamekua kwa wiki sita darasani, na kama kifungu ni kilekile, wameshakizoea. Hayo yote t inayahesabu kama ongezeko halali, maana kazi yake ni kutenga bahati tu.

Njia ya kutoka ni kupima darasa jingine linalofanana, siku zilezile, kwa vifungu vilevile, bila masomo ya ziada. Bora zaidi ni kupiga kura nani aanze masomo sasa na nani aanze baada ya wiki sita. Kisha unachukua tofauti za watoto wa kundi moja na tofauti za kundi la pili, unazilinganisha kwa jaribio la t la makundi mawili, na hapo sasa ile 3 kwenye Excel ndiyo sahihi. Kama watoto wasiopata masomo nao wamepanda kwa wastani wa maneno matatu, basi katika yale manne ni neno moja tu unaloweza kuyahesabia masomo.