Jibu la benki lije kwako, si kwa mhasibu

Ukikagua salio la benki, usitosheke na taarifa uliyokabidhiwa na mhasibu. Imetoka nje, ndiyo, lakini imepitia mikononi mwa anayekaguliwa, na tarakimu moja ni rahisi kubadilishwa. Tuma barua ya uthibitisho mwenyewe, jibu lije moja kwa moja kwako. Hapo ndipo ushahidi wa nje unapokuwa na nguvu. Daftari la fedha la kampuni linafuata kwa nguvu, na uzito wake hutegemea udhibiti wa ndani. Maelezo ya mdomo ni ya mwisho kabisa. Meneja akisema tofauti kati ya daftari na salio la benki ni hundi ambayo haijawasilishwa benki, itafute kwenye taarifa ya mwezi unaofuata. Isipoonekana, hujapata ushahidi wa kutosha, hata watu watatu wakirudia maneno yale yale.