Mtu akikuandikia "naomba ushauri" halafu kimya, unamjibuje?

Jamani leo tuongelee ile meseji ya maneno mawili, "naomba ushauri", basi, hamna kingine. Wengi tunajibu "sema". Mimi nilimjibu hivyo jamaa yangu mmoja, nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena, mwisho ikaja "basi tu, ntakucheki siku nyingine". Ile "sema" ilimdai habari nzima iliyopangika wakati yeye bado ananipima.

Wiki mbili baadae akarudi na yaleyale maneno, safari hii nikaenda hivi:

1. Nikamwambia nipo na muda wangu ni kiasi gani. "Nipo, nina kama nusu saa." Kama huna nafasi taja saa utakayorudi, na urudi kweli.

2. Nikauliza kuhusu alipo kabla ya kuuliza jambo lenyewe. "Hapo ulipo unaweza kuandika bila mtu kuchungulia?" Anajibu ndiyo au hapana, hajafichua kitu bado.

3. Siri, na hapa ndo wengi tunaharibu kwa kuapa hatutamwambia mtu milele. Nilimwandikia: "Yatabaki kwangu. Ila nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini tutatafuta msaada, na wewe ntakwambia kwanza." Nilidhani atakimbia, kumbe ndo akatulia.

4. Nikampa pa kuanzia padogo. "Si lazima uanze mwanzo, nitajie tu ni nyumbani, kazi, afya au kingine." Akajibu "kazi". Sikumuuliza kama kafukuzwa, maana ukibahatisha vibaya mtu anaweza kuitikia tu ili yaishe. Nikaandika "kazi, sawa" nikatulia. Dakika tano hivi zikapita, ikaja meseji ndefu, na kazi yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu, kumbe mzigo ni deni alilomficha mkewe.

5. Hapo nikauliza "unataka nikusikilize tu au tutafute cha kufanya?" Akasema kwanza nisikilize. Ushauri niliokuwa nao mdomoni nikaumeza, na ulikuwa mzuri kweli aisee.

MASWALI

Swali: Akisema ni ya "rafiki yangu" na naona kabisa ni yake?
Jibu: Mjibu kuhusu huyo rafiki, usimvue nguo. Akiwa tayari mwenyewe ataanza kusema "mimi".

Swali: Akinyamaza kabisa baada ya hatua ya 4?
Jibu: Tuma moja tu, "hamna haraka, kesho jioni ntakujulia hali". Kesho yake mjulie hali kweli, usimdai stori. Meseji sita za "vipi?" zinamfanya ajute kuanza.

Swali: Dada, nikihisi anataka kujiua naogopa kuuliza nisije nikampa wazo.
Jibu: Kuuliza hakumpi wazo. Muulize waziwazi, "unafikiria kujiua?" Akisema ndiyo usimwache peke yake, muulize kama kuna kitu karibu cha kujidhuru kiondolewe, na mwite mtu wa karibu au huduma ya dharura saa hiyohiyo. Ndo maana hatua ya 3 hukuapa.