Somo: Majina ya mwisho wa filamu fupi yapande bila kutetemeka

Mwezi huu nimeulizwa jambo hili mpaka nimechoka, basi naliandika mara moja. Mfano ni filamu yetu ya dakika 8 tuliyopiga Wete: fremu 25 kwa sekunde, skrini ya 1920 kwa 1080.

1. Mwanzoni: kikundi, waigizaji wakuu wawili, jina la filamu, basi. Mwongozaji akitajwa hapa, huja wa mwisho. Filamu ikimalizika, yeye ndiye wa kwanza.

2. Kila kadi ikae kiasi cha kuisoma mara mbili bila pupa. Zetu zilikaa sekunde 3.

3. Fonti iwe moja, yenye mistari minene kidogo. Myembamba humetameta ikipanda.

4. Mpando. Hapa ndipo nilipoharibu. Picha ya majina ilikuwa na urefu wa pikseli 3240, nami nikaivuta ienee sekunde 50 za wimbo. Kwenye kompyuta sikuona kitu. Tulipoirusha ukutani kwa projekta, majina yalitetemeka kama dau kwenye mkondo, na mama mmoja akauliza kama mashine imeharibika. Sababu: safari nzima ni 3240 na 1080 za skrini, jumla 4320. Ukigawa kwa fremu 1250 unapata pikseli 3.456 kwa fremu. Namba isiyo kamili hufanya herufi iruke mara 3, mara 4, na jicho linaona.

Basi chagua mwendo kwanza, muda utajitokeza wenyewe. Pikseli 3 kwa fremu: 4320 gawa kwa 3 ni fremu 1440, yaani sekunde 57.6. Wimbo ndio utakaorefushwa au kukatwa, si majina. Tena mwendo uwe sawasawa; ukiiacha programu ianze polepole na kumaliza polepole, hesabu yote imekufa.

Maswali

Mtoto wa Mkoani: Yangu yanatetemeka, nimeweka sekunde 40. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 4. Umeisoma?

Mtoto wa Mkoani: Nimepitia juujuu, kaka.

Mwandishi: Ndiyo maana yanatetemeka.

Bi Kidawa: Kaka, kamera yangu hupiga fremu 24. Pikseli 3 bado zinafaa?

Mwandishi: Zinafaa sana, dada. Fremu ni zilezile 1440, ila zinachukua sekunde 60 kamili. Ukiona ni ndefu, tumia 4: fremu 1080, sekunde 45. Ila jaribu kwenye skrini kubwa, maana 4 inamkimbiza msomaji wa majina marefu.

Bi Kidawa: Ahsante. Na waliotupikia?

Mwandishi: Kwenye shukrani, kwa majina yao matatu. Na kila mtu aandike lake mwenyewe kwenye karatasi, uipige picha. Mimi niliandika Hamisi. Mwenyewe ni Khamis, na kila tukikutana gatini hunitajia ile kha.