Laki sita za kiwanja: namna ya kutunza akaunti ya wateja

Siku moja mnunuzi wa kiwanja aliniingia ofisini hapa Malindi kwa furaha. "Wakili, nishakutumia ile elfu hamsini." Kutazama simu, kweli, imeingia M-Pesa kwenye nambari yangu mwenyewe, ile ninayolipia samaki na bodaboda. Hakuwa na kosa, nambari nilimpa mimi. Siku hiyohiyo niliihamishia akaunti ya wateja ikiwa kamili, gharama ya kutuma nikailipa mfukoni mwangu, na ule ujumbe nikauchapisha nikautia kwenye faili. Tangu hapo nambari ya akaunti ya wateja naiandika kwenye barua ya kwanza kabisa.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mawakili wachanga huniuliza zaidi yanayofuata, basi tuchukue mfano wa hesabu ndogo.

Hatua ya kwanza: igawe pesa kwenye leja, si kichwani. Mteja ananunua kiwanja cha milioni 4. Anakuletea 600,000: 400,000 ni amana ya kumpelekea wakili wa muuzaji, 160,000 ni ushuru wa stempu (asilimia 4, kwa kuwa kiwanja kimo ndani ya manispaa), na 40,000 ni kianzio cha ada yako. Zote zinaingia akaunti ya wateja, hata hizo 40,000. Hujamwandikia bili, kwa hiyo bado ni zake. Mfungulie ukurasa wake kwenye leja.

Akaunti hiyo ilikuwa tayari na 350,000 za mama mmoja wa Shella, fidia ya ajali, na 150,000 za warithi wa marehemu fulani. Sasa benki inasoma 1,100,000.

Hatua ya pili: toa kwa jina la mwenye pesa. Kabla hujatia sahihi, usiangalie salio la benki. Fungua ukurasa wa mteja huyo uone kama pesa zake zinatosha. Kama alileta hundi, ngoja iive. Ukilipa kabla hundi haijaiva, unamlipia kwa pesa za jirani yake. Na ada yako itoe baada ya kumpa mteja bili au barua inayosema utaikata kutoka pesa unazomshikia, kisha uihamishe moja kwa moja hadi akaunti ya ofisi. Kodi ya ofisi na mishahara havilipwi kutoka akaunti ya wateja hata kwa siku moja.

Sasa tuone mtu anavyoteleza. Mwisho wa mwezi umefika, kodi inadaiwa, wakili anachota 100,000 akijiambia, "Ada ya kiwanja itafidia." Wiki ile anapeleka amana 400,000 na kulipa ushuru 160,000. Hakuna malipo yaliyokwama, benki bado ina 440,000, na mnunuzi ameridhika. Lakini ukurasa wa mnunuzi umeshuka chini ya sifuri kwa 60,000, na mama wa Shella pamoja na warithi wanadai 500,000. Mama akija anapata zake zote. Siku warithi wanapokuja, zimebaki 90,000. Watu ambao hata hawakijui hicho kiwanja ndio wanaolipia kodi ya ofisi.

Hatua ya tatu: linganisha hesabu tatu kila mwezi. Chukua taarifa ya benki, uondoe hundi ulizotoa ambazo hazijalipwa na uongeze ulizopeleka ambazo hazijaingia. Chukua salio la daftari la fedha. Kisha jumlisha salio za kurasa zote za leja. Zote tatu ziwe sawa. Katika mfano wetu benki na daftari zitakubaliana kwa 440,000, na ndipo wengi hufunga kitabu na kwenda zao. Jumla ya leja nayo itatoa 440,000, kwa sababu ile hasi ya 60,000 imejificha ndani ya jumla. Kwa hiyo pitia ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa wenye hasi, hata wa shilingi mia, maana yake pesa za mteja mwingine zimekopwa bila yeye kuulizwa.

Hatua ya nne: ukigundua pengo. Lizibe siku hiyohiyo kwa pesa zako, na si zile 60,000 peke yake. Rudisha 100,000 zote, kwa kuwa 40,000 nazo ulizichota bila bili. Andika tarehe na sababu. Usiandike upya ukurasa wa zamani.

Kurudisha hakufuti kosa. Mteja anaweza kulalamika kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na shauri likafika Mahakama ya Nidhamu. Chini ya kifungu cha 60 cha Sheria ya Mawakili, wakili anaweza kuonywa, kusimamishwa hadi miaka 5, kutozwa faini isiyozidi milioni 1, kuamriwa kulipa fidia isiyozidi milioni 5, au jina lake kufutwa kwenye orodha ya mawakili. Kifungu cha 80 kinafanya kushindwa kutoa hesabu ya pesa za mteja kuwa jinai. Na ule utetezi wa "nilikuwa na nia ya kurudisha" haumjibu mrithi aliyekaa kwenye benchi lako akisubiri 150,000 zake.