Konkuru inayokata pointi: lini ujaze, lini uache wazi

Kuna kijana wa mtaa wetu hapa Kadutu aliyetoka kwenye konkuru ya kuingia chuo akijisifu kwamba hakuacha swali hata moja. Mtihani aliokuwa ameuzoea haukukata kitu, kwa hiyo alijaza kila mahali. Huu ulikuwa unakata. Alipoteza pointi alizokuwa nazo mkononi, na sisi tuliomfundisha ndio tuliosahau kumwambia. Kwa hiyo somo la leo ni hilo.

Hatua ya kwanza: tafuta maneno ya kukata. Yako kwenye maelezo ya mwanzo, pale watu wanaporuka. Tazama mambo mawili: jibu zuri linaleta pointi ngapi, na jibu baya linakata ngapi. Kama jibu baya na nafasi tupu vyote ni sifuri, jaza kila swali, hata lile usilolisoma, na somo limeishia hapo.

Hatua ya pili: pima bei ya kubahatisha. Tuseme kila swali lina majibu matano, jibu zuri ni pointi 1, baya linakata robo. Ukifumba macho kwenye maswali matano, kwa kawaida utapata moja na kukosa manne. Moja inaleta 1, manne yanakata robo nne, yaani 1. Umerudi sifuri. Waliotunga walichagua robo kwa makusudi, ili anayebahatisha gizani asipate wala asipoteze.

Sasa futa majibu mawili unayojua ni mabaya. Yamebaki matatu. Kwenye maswali matatu ya namna hiyo utapata moja na kukosa mawili: 1 ukitoa nusu, faida ni nusu pointi. Hapo kuacha wazi ni kutupa pointi zako.

Tuchukue mtu mwenye maswali 40. Anajua 24 kabisa. Kwenye 10 amefuta majibu mawili mawili. Yaliyobaki 6 hajui kitu. Akiacha wazi yote yenye shaka, ana 24. Akijaza yale 10, anatazamia karibu 25 na nusu. Yale 6 hayaongezi kitu. Mtihani uleule usiokata ungempa kama 28 na nusu, kwa kujaza yote.

Lakini wakikata nusu badala ya robo, yale 10 yanarudi sifuri: moja zuri, mawili mabaya, nusu mbili zimekula pointi yote. Hapo jaza tu ukibaki na majibu mawili. Wakikata pointi nzima, hata mawili hayatoshi. Unatakiwa uwe na sababu ya kupenda moja kuliko lingine.

Hatua ya tatu: jipime nyumbani. Hapa ndipo wengi wanaanguka, maana hesabu ile inaamini kwamba ulichofuta ni kibaya kweli. Mtunzi mzuri anaweka jibu linalotokana na kosa la kawaida, kama kusahau alama ya kutoa, na wewe unafuta lile sahihi kwa sababu halifanani na lako. Chukua maswali ya zamani, weka nukta pembeni ya kila swali ulilojibu kwa shaka, kisha sahihisha yenye nukta peke yake. Ukipata 4 kati ya 20, umebahatisha kama aliyefumba macho, na kwenye kukata robo hujapata kitu. Ukipata 8, endelea kujaza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yale nisiyojua kabisa, nijaze herufi moja yote au nichanganye?*

Kwa wastani ni sawasawa, dada. Herufi moja inakuokoa dakika, basi.

*Kaka yangu anasema wakikata tu, uache. Ni kweli?*

Hapana. Mtihani wa NEET wa India, wa kuingia udaktari, unatoa 4 kwa jibu zuri na kukata 1, na majibu ni manne. Ukifumba macho kwenye maswali manne: unapata 4, unapoteza 3. Bado unabaki na 1. Mwambie kaka apige hesabu kwanza.

*Mwalimu, nahitaji 20 kwa 40. Nina uhakika na 18, na sita sijui kabisa. Wanakata robo.*

Jaza. Ukiacha wazi umeshaanguka. Ukijaza, unahitaji kupata 3 kati ya 6, na hiyo inatokea kama mara moja kati ya kumi.

*Na mimi nikiwa na 21?*

Wewe acha wazi, mama. Ukikosa yote sita unashuka hadi 19 na nusu, na hilo linatokea kama mara moja kati ya nne. Ila ile 21 yenyewe iwe umeihesabu kwa nukta, si kwa moyo.