SOMO: Andiko moja, wasomaji watatu (vijana, wakulima, maofisa wa serikali)

Wakuu, nimechoka kuletewa andiko la kitaalamu na ombi lilelile: "Nirahisishie hili." Nikiuliza linamwendea nani, kimya. Basi naliweka somo hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrushia kiungo.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: sumukuvu kwenye mahindi. Aya ya kitaalamu ni hii, ya aina ambayo mmeiona mara nyingi:

"Uchafuzi wa sumukuvu katika mahindi hutokana na ukaushaji usiotosheleza na uhifadhi katika mazingira yenye unyevunyevu, hali inayochochea ukuaji wa kuvu. Inashauriwa mahindi yakaushwe hadi kufikia unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, na punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi ziondolewe, kwa kuwa upishi hauondoi sumu hiyo."

Hatua ya 1. Mjue msomaji na mahali atakapolisomea andiko. "Wananchi" si msomaji.

Hatua ya 2. Andika pembeni mambo yasiyoguswa. Hapa yako manne: yakaushwe kabla ya kuhifadhiwa, kipimo ni 13.5, punje mbovu zitoke, kupika hakusaidii. Toleo lolote likikosa mojawapo, hilo ni andiko jingine.

Hatua ya 3. Pima uzito wa sentensi. Watu hukimbilia maneno magumu, wakati mzigo wa Kiswahili cha kitaalamu uko kwenye majina yaliyoundwa kutokana na vitenzi: uchafuzi, ukaushaji, uhifadhi, ukuaji. Kila moja limemeza kitenzi na mtu anayekitenda. "Ukaushaji usiotosheleza" ni nani hakukausha nini? Yafungue: mkulima ameanika mahindi, hayajakauka, ameyafunga kwenye gunia, yameota kuvu. Ukishamrudisha mtu kwenye sentensi, nusu ya kazi imekwisha kabla hujabadilisha msamiati hata kidogo. Angalia pia minyororo ya "wa": "uimarishaji wa udhibiti wa ubora wa uhifadhi wa mazao". Msomaji akifika mwisho ameshasahau alianzia wapi.

Hatua ya 4. Kubadilisha kipimo. Hapa kazi nyingi huharibika, zangu zikiwemo, kwa hiyo someni polepole.

Mkulima hana kipima unyevu. Asilimia 13.5 haimwambii afanye nini, na mwandishi mvivu anaandika "kausha mpaka yakauke vizuri". Kila mkulima anaamini yake yamekauka vizuri, pamoja na yule ambaye gunia lake litapata joto na kuota kuvu. Mwandishi mwenye bidii kidogo anaweka kipimo cha chumvi: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri, tazama kama chumvi inaganda kwenye kuta za chupa. Ni kipimo kizuri, ila angalia kinachosema. Chumvi ikiganda, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Isipoganda, unajua tu kwamba yako chini ya hapo. Kati ya 15 na 13.5 chupa haina la kukuambia.

Kwa hiyo ukiandika "chumvi isipoganda, mahindi tayari, funga gunia", sentensi ni nyepesi, inasomeka vizuri, na ni ya uongo. Andika hivi: "Chumvi ikiganda, mahindi bado mabichi. Isipoganda, endelea kuanika, na kabla ya kufunga gunia mwombe afisa ugani ayapime." Sentensi imerefuka. Iache irefuke. Ukibadilisha kipimo, muulize mtaalamu swali moja: "Mtu akifuata haya maneno yangu peke yake, atafika pale unapotaka?" Usimuulize kama lugha ni nzuri, atakusifia tu.

Hatua ya 5. Sasa andika, kila toleo upya kutoka kwenye yale mambo manne. Usilitoe toleo moja kwenye jingine.

*Wakulima.* Fuata mpangilio wa kazi, siyo wa hoja. Ripoti huanza na sababu, shamba huanza na mavuno. Kitenzi kimoja au viwili kwa sentensi, kwa kuwa kipeperushi chako kitasomwa kwa sauti na mtendaji wa kijiji mkutanoni, na sentensi yenye "usiozidi" katikati hupotea hewani.

"Ukivuna, usimwage mahindi chini. Yaanike juu ya turubai. Jioni yafunike au yaingize ndani, umande usiyaguse. Ukishapukuchua, kaa uchague. Punje iliyooza, iliyovunjika au iliyobadilika rangi, itoe. Usiile na usimpe kuku. Ina sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika."

Baada ya hapo ndipo kinakuja kile kipande cha chumvi cha Hatua ya 4, kisha afisa ugani na 13.5 yake.

*Vijana wa sekondari.* Hawa wanataka "kwa nini" kabla ya "fanya". Ukianza na amri wanaondoka. Anza na jambo linalopingana na walichozoea, kisha eleza linavyotokea, kisha uwape kazi iliyo mikononi mwao kweli. Mwanafunzi hapangi lini mahindi yavunwe, ila huyachagua na kuyapeleka mashineni.

"Ugali ukiiva vizuri vijidudu vingi hufa. Sumukuvu haifi, kwa sababu si kidudu. Ni kemikali inayoachwa na kuvu ikiota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka mpaka kufikia unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Kuvu yenyewe ukiipika inakufa, kemikali inabaki. Ndiyo maana kabla ya kupeleka mahindi mashineni unayachagua: zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zinatoka. Zikishasagwa, huwezi tena kuzitenga."

Ona kwamba sentensi za vijana ni nzito kuliko za wakulima. Wanaweza kubeba sababu mbili kwa pamoja, mradi karatasi iko mkononi mwao na wanaweza kurudi nyuma.

*Maofisa.* Ofisa hatafuti kuelewa kuvu. Anatafuta kujua anaombwa aamue nini, nani atekeleze, na lini. "Inashauriwa mahindi yakaushwe" haina mtendaji, kwa hiyo dokezo litarudi limeandikwa "fafanua".

"YAH: UDHIBITI WA SUMUKUVU KWENYE MAHINDI YA MSIMU HUU
1. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yako katika hatari ya kuota kuvu inayotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.
2. Inapendekezwa Mkurugenzi awaelekeze maafisa ugani wa kata wapime unyevu wa mahindi kabla hayajaingizwa ghalani, na wasimamie uondoaji wa punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi.
3. Nawasilisha kwa maelekezo yako."

Majina mazito kama "udhibiti" na "uondoaji" hapa yanaruhusiwa, maana ndiyo yatakayonakiliwa kwenye muhtasari wa kikao. Ila kila pendekezo lina mtu wake.

Hatua ya 6. Jaribu. Usiulize "umeelewa?", kila mtu husema ndiyo. Uliza: "Kesho asubuhi utaanza na nini?"

Maswali karibuni.

---

kijana_wa_Mbagala: Mkuu nina PDF ya kurasa 40 ya lishe, nataka niirahisishe kwa ajili ya jamii. Naanzaje?

Mwandishi: Hatua ya 1.

kijana_wa_Mbagala: Nimeisoma, ila jamii ni wote.

Mwandishi: Basi hujaisoma. Wote hawakai chini ya mti mmoja wakasomewa kurasa 40.

Mama_Neema: Kwa vijana si ungetia lugha ya mtaani kidogo? Hiyo yako imekaa kidarasa.

Mwandishi: Neno la mtaani la Dar mwaka huu, mwakani limechuja, na Kondoa huenda halikufika kabisa. Zaidi ya hapo, kijana akimwona mtu mzima anajilazimisha kuongea kama yeye, anacheka na kuweka karatasi chini. Kiswahili sanifu chepesi kinatosha.

afisa_mstaafu: Toleo la ofisini umelipunguza mno. Dokezo la serikali lina uzito wake, huwezi kuandika kama barua ya nyumbani.

Mwandishi: Mzee shikamoo. Nionyeshe sentensi iliyokaa kinyumbani tuijadili. YAH ipo, aya zina namba, pendekezo lipo. Nilichotoa ni aya mbili za "kama inavyofahamika", ambazo zingeisukuma hoja mpaka ukurasa wa pili.

afisa_mstaafu: Marahaba. Hilo la "kama inavyofahamika" nakubali, nimesoma maelfu. Lakini weka gharama. Aya ya 2 bila fedha hairuhusiwi kwenda popote: vipima unyevu vingapi, kwa kasma ipi.

Mwandishi: Hapo umenishika. Wakuu, ongezeni aya ya gharama kati ya 2 na 3.

Zuhra_K: Samahani, swali. Aya ya mwanzo haina turubai, haina umande, haina kuku. Kwenye toleo la wakulima vimetoka wapi? Hatua ya 2 si ilisema tusiguse?

Mwandishi: Dada Zuhra, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Hatua ya 2 inakataza kupunguza. Kuongeza kunaruhusiwa kwa masharti. "Ukaushaji usiotosheleza" kwa mtaalamu ni maneno mawili, kwa mkulima ni vitu vitatu anavyoviona: mahindi yaliyomwagwa ardhini, umande wa usiku, haraka ya kufunga gunia. Huwezi kufungua jina lile bila kutaja vitu hivyo. Kuku ni suala jingine: punje ikitolewa lazima iende mahali, na kwetu inaenda kwa kuku, ambao sumu hiyo inawadhuru pia. Ukiandika "itoe" ukanyamaza, umeagiza jambo bila kujua. Kila nyongeza niliipigia mstari wa rangi nyingine kwenye rasimu, ili mtaalamu aidhinishe moja moja. Asipoidhinisha, inatoka.

Zuhra_K: Je, ng'ombe?

Mwandishi: Wa maziwa ni hatari zaidi, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Umenisaidia, naongeza: "usimpe kuku wala ng'ombe."

mkaazi_Makueni: Huku kwetu tulipoteza watu mwaka 2004, hapa, Kitui na wilaya za jirani, zaidi ya 100 kwa jumla. Shida yangu: karatasi ni ya Kiswahili lakini mkutanoni anayesoma hutafsiri kwa Kikamba papo hapo.

Mwandishi: Pole sana ndugu. Basi msomaji wako ni mkalimani. Mpe sentensi anayoweza kuimaliza kwa pumzi moja, na usimwekee kiwakilishi kinachorejea nyuma. Badala ya "isipoganda", andika "chumvi isipoganda". Akigeuza sentensi peke yake, bila ya jirani yake, bado iwe kamili. Karatasi itaonekana inajirudiarudia. Haidhuru.

fundi_wa_ghala: Mnaongelea chupa ya chumvi lakini huku Tanga chumvi yenyewe ina maji. Nimejaribu, imeganda hata na mahindi ya mwaka jana.

Mwandishi: Ianike chumvi kwanza mpaka ichuruzike kama mchanga mkavu, au ikaange kidogo kwenye kikaango na uiache ipoe. Chupa nayo iwe kavu. Mahindi yafike kama theluthi ya chupa, chumvi vijiko viwili au vitatu vya mezani, tikisa dakika moja, weka chini dakika 15. Na kabla ya kuweka mahindi, tikisa chumvi peke yake: ikiganda, kosa si la mahindi.

fundi_wa_ghala: Hilo la kutikisa chumvi peke yake liingize kwenye kipeperushi.

Mwandishi: Naliingiza, kwa rangi nyingine.